Povu la sukari lililovuja kuliko yote: uchambuzi wa kisa cha usahihishaji

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mtihani wa vitendo wa sayansi ya upishi uliofanywa na watahiniwa 23. Nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu au mahali. Mtahiniwa mhusika nitamwita K. Mimi nilikuwa msahihishaji wa pili: kazi yangu ilikuwa kupitia upya karatasi zilizopata alama chini ya nusu kabla matokeo hayajafungwa.

Mtihani ulikuwa na alama 20. Sehemu ya kwanza, yenye alama 8, ilimtaka mtahiniwa apige povu mara tatu kwa gramu 60 za ute mweupe wa yai kila mara. Sampuli ya kwanza ilikuwa ute mtupu. Ya pili ilitiwa kijiko kidogo kimoja cha maji ya limau. Ya tatu ilitiwa gramu 50 za sukari, zote tangu mwanzo. Kila sampuli ilipigwa kwa mashine kwa dakika 3, mwendo ule ule, kisha ikawekwa kwenye faneli yenye kichujio cha waya juu ya silinda ya kupimia. Baada ya dakika 30 mtahiniwa alisoma mililita zilizochuruzika, akaandika povu lipi ni imara zaidi na kwa nini.

Sehemu ya pili, alama 6, iliuliza tofauti kati ya mabadiliko ya protini wakati wa kupiga povu na wakati wa kulioka. Sehemu ya tatu, alama 6, ilikuwa povu la sukari lililopakwa juu ya pai na kuokwa.

Mwongozo wa usahihishaji ulisema hivi kuhusu sehemu ya kwanza: "Povu lenye sukari huvuja kidogo kuliko yote, likifuatiwa na lenye asidi, povu tupu huvuja zaidi." Alama 6 kati ya 8 zilitegemea mpangilio huo na maelezo yake. Zilizobaki 2 zilikuwa za kuandika vipimo kwa unadhifu.

Yaliyotokea

K aliandika mililita 13 kwa povu tupu, mililita 8 kwa lenye limau na mililita 26 kwa lenye sukari. Kwa hiyo kwake povu la sukari ndilo lililovuja kuliko yote, kinyume kabisa na mwongozo. Hitimisho lake nalinukuu kama lilivyo: "Kwa muda huu sukari haikusaidia. Imechelewesha protini kufunguka, kwa hiyo povu halijafika. Lingepigwa zaidi lingekuwa imara kuliko haya mawili."

Msahihishaji wa kwanza alimpa 2 za unadhifu, akaandika pembeni: "Matokeo si sahihi."

Katika sehemu ya pili K aliandika kwamba wakati wa kupiga "protini za ute zinafunguka na kushikana kuzunguka hewa, kwa hiyo ute umeganda kidogo", na wakati wa kuoka "umeganda kabisa, hauwezi kurudi". Mwongozo ulitaka mtahiniwa aseme kwamba kupiga hufungua protini na joto huzigandisha. Neno "umeganda" katika nusu ya kwanza lilimgharimu karibu alama zote. Alipata 1.

Pai yake ilipata 3 kati ya 6 kwa sababu ilikuwa na maji chini ya povu. Jumla alipata 6 kati ya 20, yaani alikuwa ameanguka.

Wakati huo huo, karatasi nyingine niliyoipitia kwa kulinganisha ilikuwa na mililita 14, 9 na 3, kwa mpangilio ule ule wa sampuli. Sentensi ya hitimisho ilifanana na ya kitabu. Ilipata 8 kamili. Karatasi hizo mbili ndizo zilizonisimamisha, kwa kuwa ziliandikwa na watu waliofuata maagizo yale yale, siku ile ile, kwa mayai ya trei moja.

Kwa nini sikuamini kwamba K alikosea

Hapa inabidi kueleza kinachotokea ndani ya bakuli, maana uamuzi wote unakaa juu yake.

Ute mweupe ni maji kwa karibu asilimia 88, na protini ni kama sehemu moja tu kati ya kumi. Protini hizo zimejikunja kama vidonge vya uzi. Waya wa mashine unapozivuta huku na huku na kuingiza hewa, baadhi yake hukunjuka kwenye mpaka wa hewa na maji, zikashikana na kutengeneza utando mwembamba kuzunguka kila kipovu. Utando huo ndio unaozuia vipovu kuungana. Maji yaliyobaki katikati ya vipovu huvutwa chini na uzito wake mwenyewe, na hayo ndiyo yanayoonekana kwenye silinda.

Sukari hufanya mambo mawili yanayopingana. Ikiyeyuka hufanya maji yawe mazito, yakachuruzika polepole; hapo inasaidia. Lakini pia hupunguza kasi ya protini kukunjuka na kushikana, kwa hiyo ute wenye sukari nyingi tangu mwanzo hupigwa kwa muda mrefu zaidi kabla ya kufikia hali ile ile. Kitabu kinaposema povu la sukari ni imara, kinazungumzia povu lililokwisha kufika. Likisimamishwa katikati ya njia, sehemu kubwa ya ute haijaingia kwenye povu bado. Iko chini yake kama sharubati, nayo hupita kwenye faneli bila kizuizi.

Mtihani ulisema dakika 3 kwa wote. Kwa muda huo ute mtupu ulikuwa umefikia ncha laini, yaani ukiinua waya povu linasimama na ncha yake inapinda. Povu la sukari halikuwa limekaribia hapo. K hakukosea kupima. Alipima kile maagizo yalichomwambia akitengeneze.

Msahihishaji wa kwanza, mtu makini ambaye nimefanya naye kazi miaka mingi, aliniuliza swali zuri: tutajuaje kwamba bakuli lake la sukari halikuwa na mafuta, au kwamba tone la kiini halikuingia? Kiini kina mafuta yanayogombea nafasi na protini kwenye utando, na kidogo tu kinatosha kuharibu povu. Ni kweli, nako kungeleta mililita nyingi vile vile.

Jibu lilikuwa kwenye safu ya maelezo, ambayo mwongozo haukuipa hata alama moja. K alikuwa ameandika kuhusu sampuli ya tatu: "Linang'aa, vipovu vidogo sana, linamiminika kama krimu nyepesi, linaendelea kupanda mashine ilipozimwa muda ukiisha." Povu lililoguswa na kiini halina sura hiyo. Hufika mahali likakwama, vipovu vikabaki vikubwa na vya kulegea, na kadiri unavyozidi kupiga ndivyo lisivyozidi kupanda. Kung'aa, vipovu vidogo na kuendelea kupanda ni dalili za povu zima lenye sukari ambalo halijamaliza safari.

Uamuzi wa kwanza: kurudia jaribio

Sikutaka kubadili alama kwa hoja peke yake. Tulienda jikoni sisi wawili na kurudia maagizo kama yalivyoandikwa, kisha tukarudia tena tukipiga kila sampuli hadi ncha laini, bila kujali muda. Tulifanya kila kimoja mara mbili na kupata takriban matokeo yale yale.

Jambo moja tulilibadili: badala ya kusoma mililita tulipima uzito kwa mizani. Sababu ni kwamba sampuli hazikuwa sawa tangu mwanzo. Ute mtupu ni gramu 60, wenye sukari ni gramu 110, na kinachochuruzika kutoka kwenye povu la sukari ni kizito kuliko ute. Kulinganisha mililita 13 na mililita 26 ni kulinganisha vitu viwili tofauti. Lilikuwa kosa la mtihani ambalo hata K hakuliona, na lilikuwa linamwongezea tofauti isiyo yake.

Kwa dakika 3 kamili, povu tupu lilitoa gramu 14 kati ya 60, sawa na asilimia 23. Lenye limau lilitoa gramu 9, kama asilimia 14. Lenye sukari lilitoa gramu 30 kati ya 110, asilimia 27. Kwa hiyo hata baada ya kusahihisha tofauti ya uzito, mpangilio wa K ulisimama, ingawa pengo lilikuwa dogo kuliko mililita zilivyoonyesha.

Tulipopiga hadi ncha laini, ute mtupu ulichukua dakika 3, wenye limau dakika 3 na nusu, na wenye sukari dakika 8 na sekunde 20. Safari hii povu la sukari lilitoa gramu 3 tu, chini ya asilimia 3. Mwongozo ulikuwa sahihi kabisa kwa jaribio ambalo mtihani haukulifanya.

Sentensi ya mwisho ya hitimisho la K, kwamba povu lingepigwa zaidi lingekuwa imara kuliko mengine, ilikuwa utabiri. Sisi tuliuthibitisha kwa mizani. Nasema wazi kwamba jambo hilo liliniuma, kwa sababu karatasi hiyo ilikuwa imebakiza siku mbili tu kufungwa ikiwa na alama 6.

Uamuzi wa pili: neno "kuganda"

Katika sehemu ya pili tulibishana zaidi, na mpaka leo naona pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Katika lugha yetu kuganda hubeba mzigo mkubwa. Maji yakiwa barafu yameganda. Maziwa yakiwa mtindi yameganda. Damu huganda, na yai la kuchemsha huganda. Mabadiliko hayo si ya namna moja, lakini neno ni moja. Mwalimu anapofundisha kwamba protini "huganda" kwa joto, anachukua neno la kila siku na kulipa maana finyu, na mtahiniwa halazimiki kujua kwamba ukuta umejengwa hapo kama hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo tulikubaliana kusoma kile kilichozunguka neno. K alisema protini zinafunguka, zinashikana, na zinafanya hivyo kuzunguka hewa. Huo ni utaratibu wenyewe, tena ameueleza vizuri kuliko watahiniwa waliokariri neno sahihi bila kueleza lolote. Hata kisayansi "umeganda kidogo" si uongo mtupu: katika utando wa kipovu baadhi ya protini hushikana kiasi cha kutorudi zilivyokuwa. Ndiyo maana povu lililopigwa kupita kiasi huwa na chembechembe na kutoa maji. Protini zimeshikana mno, zikakamua maji yaliyokuwa katikati yake.

Alichokosa ni jambo jingine, na hapo sikumtetea. Hakusema kwamba protini zinazoshikana kwenye kupiga na zile zinazoshikilia povu kwenye oveni si zile zile kwa sehemu kubwa. Ovalbumini, ambayo ni zaidi ya nusu ya protini zote za ute, hubaki kwa wingi bila kuguswa wakati wa kupiga. Inasubiri joto. Ovotransferini, protini nyingine ya ute, huanza kuganda karibu na nyuzijoto 62 za Selsiasi, ndipo ute unapoanza kupoteza uangavu. Ovalbumini huhitaji karibu nyuzijoto 80. Kwa hiyo povu linaweza kuonekana limeshika kwa nje huku ndani protini yake kuu ikiwa bado haijaganda. Sukari huisogeza mipaka hiyo juu zaidi. K aliandika "umeganda kabisa" kana kwamba ni jambo lile lile lililoendelea tu.

Tulimpa 4 kati ya 6.

Uamuzi wa tatu: pai

Hapa hatukubadili kitu. Msahihishaji wa kwanza alikuwa ameandika "maji, imepikwa kupita kiasi". Maji yanayokaa chini ya povu, kati yake na ujazo wa pai, kwa kawaida ni dalili ya povu ambalo upande wake wa chini haukuiva. Kupika kupita kiasi huonekana juu, kama matone ya rangi ya kahawia isiyokolea, kwa sababu protini zilizokazana zimekamua sharubati. Nilishuku kwamba maelezo yake yalikuwa kinyume, na kwamba povu la dakika 3 ndilo lililoiponza pai. Lakini pai ilikuwa imekwisha kutupwa na hapakuwa na picha. Sikuwa na haki ya kusahihisha kwa kukisia kitu ambacho mwenzangu alikiona kwa macho. Alama 3 zilibaki.

Ubishi kuhusu wengine

Kumrekebisha K peke yake kungekuwa dhuluma ya namna nyingine, kwa hiyo tulifungua karatasi zote 23. Saba zilionyesha povu la sukari likivuja kuliko yote, na zote saba zilikuwa zimepoteza alama kama K. Kumi na sita zilifuata mpangilio wa mwongozo.

Msahihishaji wa kwanza alipinga kugusa mwongozo baada ya mtihani kufanywa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtahiniwa ana haki ya kusahihishwa kwa kipimo kilichowekwa kabla, na kwamba leo tukibadili kwa nia njema kesho mwingine atabadili kwa nia mbaya. Ni hoja nzito. Nilimjibu kwamba kipimo kilichowekwa kilipingana na maagizo yaliyowekwa siku ile ile, na kwamba kati ya viwili hivyo, mtahiniwa alipewa kimoja tu akisome. Alikubali kwa sharti moja, ambalo nililiona la haki: asipunguziwe alama mtu yeyote.

Alama 6 za mpangilio na maelezo tukazisoma upya hivi: hitimisho lilingane na vipimo vya mtahiniwa mwenyewe, na maelezo yawe sahihi kwa hatua ambayo povu lake lilifikia. K alipata 5 kati ya hizo, kwa kuwa hakueleza kazi ya limau zaidi ya kusema "asidi inasaidia". Asidi hupunguza ushikanaji mkali wa protini kwa njia ya salfa, ndiyo sababu povu lenye asidi halikimbilii chembechembe na maji. Maelezo ya namna hiyo yangempa alama iliyobaki.

Kuhusu zile 16, nilikuwa na shaka nazo, hasa ile ya 14, 9 na 3. Kwa dakika 3 kamili mililita 3 hazipatikani; tulijaribu. Lakini kumbukumbu za msimamizi wa chumba zilionyesha kwamba baadhi waliomba kuongezewa muda wa mashine na wakaruhusiwa, bila majina kuandikwa. Yule aliyeandika 3 huenda alipiga dakika 8 kwa uaminifu mtupu, na huenda aliandika kutoka kichwani. Karatasi haikuweza kutuambia, basi tuliiacha.

Matokeo

K alipanda kutoka 6 hadi 14: alama 7 sehemu ya kwanza, 4 ya pili, 3 ya tatu. Wengine sita waliongezewa kati ya alama 2 na 4, na wawili kati yao walivuka mstari wa kufaulu. Hakuna aliyeshuka.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichomwokoa K ni safu ya maelezo. Tarakimu 13, 8 na 26 peke yake zingeweza kutokana na mafuta, kiini, kichujio kibovu au uvivu. Ni ile sentensi kuhusu kung'aa na kumiminika iliyotuwezesha kutofautisha. Bado nashangaa kwamba tuliweka safu hiyo kwenye fomu bila kuipa alama.

Kilichoshindwa kwanza ni kwamba aliyetunga mwongozo hakulifanya jaribio. Aliandika matokeo ya kitabu juu ya maagizo mapya. Dakika 3 ziliwekwa ili kila mtu awahi zamu ya mashine, na hakuna aliyejiuliza muda sawa unafanya nini kwa sampuli zisizo sawa. Kosa hilo hufichika kwa urahisi, kwa sababu muda sawa unaonekana kama haki ya kisayansi: umebadili kitu kimoja tu, vingine umevishika. Ila kwenye povu, ukishika muda unakuwa umeachia hatua, na hatua ndiyo inayoamua uvujaji.

Jaribio letu la marudio nalo lilikuwa na kasoro. Mayai tuliyotumia hayakuwa yale ya mtihani. Ute wa yai lililokaa huwa mwepesi, hupanda haraka na kuvuja zaidi kuliko wa yai jipya, kwa hiyo gramu zetu haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na mililita za K. Tulichoweza kusema kwa uhakika ni mpangilio tu.

Na pai zilipaswa kupigwa picha kwa juu na kwa upande baada ya kukatwa, kabla ya kutupwa.

Maagizo ya sehemu ya kwanza sasa yanasomeka hivi: "Piga kila sampuli hadi ncha isimame na kupinda. Andika muda uliotumia. Pima uzito wa povu na wa kilichochuruzika baada ya dakika 30." Zamu ya mashine kwa sampuli ya sukari imeongezwa hadi dakika 12, na muda alioutumia mtahiniwa umepewa alama yake mwenyewe.